Por na para: namna ya kuigawa "kwa" katika Kihispania

Ajali ikitokea mlima Kitonga, habari hufika stendi ya Iringa kabla ya mabasi: "Barabara imefungwa kwa malori, kwa ajali iliyotokea usiku." Msikilizaji hahitaji ufafanuzi. "Kwa" ya kwanza inataja walioathirika na katazo, ya pili inataja kilicholeta katazo. Mwongoza watalii akitaka kuwaeleza wageni wake Wahispania, itabidi achague neno kila mara: "La carretera está cerrada para los camiones por un accidente." Akiyabadilisha, akasema "cerrada por los camiones", amewaambia kwamba malori ndiyo yaliyofunga njia. Sarufi haijavunjika, ila lawama imehama.

Ndiyo sababu "por" na "para" huwasumbua Waswahili. Hatukosi maana hizo mbili, tumezoea tu kuzibeba kwa neno moja. Kazi ni kuipasua "kwa" kabla ya kuanza kutafsiri.

Kwanza ziondoe "kwa" zisizohusika. Kwenda Mbeya kwa basi ni "en autobús", kukata nyama kwa kisu ni "con un cuchillo", kusema kwa Kihispania ni "en español", na kwenda kwa mama ni "a casa de mamá". Chombo cha safari, kifaa, lugha na nyumbani kwa mtu vina maneno yake. Angalizo ni moja: kuwasiliana kwa simu ni "por teléfono", kwa kuwa simu hapo ni njia ambayo maneno yanapita.

Zilizobaki zigawe kwa swali hili: kinachotajwa kinasubiriwa mbele, au kilikuwepo tayari? Cha mbele ni "para": lengo, mlengwa, mwisho wa safari, tarehe ya kukamilisha. Kilichokwisha kuwepo, au tunachokipitia, ni "por": sababu, njia, kitu kilichobadilishwa na kingine.

Tulijaribu swali hilo kwenye ratiba ya safari ya Ruaha. "Salimos para Ruaha a las seis": Ruaha ndiko tunakoelekea, hatujafika. "Pasamos por Tungamalenga": kijiji hicho ni njia ya kuingilia hifadhini, hatuendi kukaa huko. Tungamalenga ikiwa ndiyo mwisho wa safari, ingepata "para". Vivyo hivyo treni ya TAZARA: kutoka Dar es Salaam "sale para Mbeya" na "pasa por Makambako". Jina la mahali haliamui chochote. Kinachoamua ni kama mahali hapo ni mwisho au ni pa kupita.

Ratiba inaendelea: "Vamos para ver leones." Hapa Kiswahili kina "ili", na "ili" ni rafiki wa kuaminika, maana karibu kila inapokaa vizuri, "para" hukaa pia. Mtendaji akiwa yule yule, kitenzi hubaki katika umbo lake la msingi, "para ver". Mtendaji akibadilika, unaongeza "que" na kitenzi kinaingia hali tegemezi: "Paramos para que los niños vean los leones", tunasimama ili watoto wawaone simba. Kiswahili nacho hufanya hivyo kwenye "wawaone", kwa hiyo mlango huo si mgeni.

Sababu ndiyo inayodanganya. Dereva alipigwa faini kwa kukimbiza gari: "Lo multaron por conducir muy rápido." Mwanafunzi akiona "kwa kukimbiza" anaweza kurukia "para", kwa kuwa nyuma yake kuna kitenzi. Aangalie mpangilio wa matukio: mwendo kasi ulitangulia, faini ikafuata. Hakuna aliyempiga faini ili akimbize gari. Tukio linalotangulia ni sababu, na sababu ni "por".

Wengi hutafuta msaada kwenye kauli ya kutendea, kwa imani kwamba "-ia" ni "para". Ni nusu ya ukweli. Nimempikia mama ugali: "cociné para mamá", mama ndiye mpokeaji. Lakini nimemlipia nauli: "pagué el billete por él", nimetoa mahali pake. Kuifia nchi ni "morir por la patria", maana nchi ndiyo inayomsukuma mtu. Sentensi "nilimfanyia kaka kazi" ina pande zote mbili: "trabajé para mi hermano" kama kaka ndiye mwajiri, "trabajé por mi hermano" kama alikuwa anaumwa nikashika zamu yake. Ukiweza kuweka "badala ya" pasipo kupotosha habari, chagua "por".

Mbadilishano unafuata mkondo huo huo. Sokoni Mbeya, mtu ananunua mchele wa Kyela: "Compré el arroz por diez mil chelines." Anaweza pia kusema "Pagué diez mil chelines por el arroz." Bei imepata "por" katika sentensi ya kwanza, mchele katika ya pili, kwa sababu kila upande wa mbadilishano unaweza kusimama mahali pa mwenzake. Kosa la kawaida huja kiasi kisipotajwa: kwa kawaida husemi "pagué por el arroz", unasema "pagué el arroz" tu. Bila kiasi hakuna kilichobadilishwa na kingine ndani ya sentensi, na mchele unakuwa yambwa ya kawaida.

Kwa muda, dawa ya kwanza ni kunyamaza. "Tulikaa Iringa wiki mbili" ni "Estuvimos dos semanas en Iringa", bila kihusishi chochote. Ukitaka kusisitiza urefu, "durante dos semanas" inafaa, na "por dos semanas" husikika sana Amerika ya Kusini. "Para" inaingia muda unapokuwa mpango: "agua para tres días", maji ya kutosha siku tatu. Nayo ni ya tarehe ya mwisho: "Lo necesito para el viernes", nakihitaji ifikapo Ijumaa. Siku tatu zitakuja, na Ijumaa bado.

Kanuni ina mipaka, na iliyo wazi zaidi ni kwenda kufuata kitu. "Voy por agua" ni kwenda kuchota au kununua maji. Maji yako mbele, ungetegemea "para", lakini wenyewe wanasema "por", na Hispania wengi husema "a por agua". Vitenzi kama "preguntar por", kuulizia, na "luchar por", kupigania, navyo huja na "por" yao. Vijifunze pamoja na kitenzi. Pengine yote mawili yanakubalika: "hizo todo lo posible por ayudarnos" au "para ayudarnos", kwa sababu nia ya kusaidia ilikuwepo kabla ya tendo, na msaada wenyewe ni lengo lililo mbele.

Ukisita, rudisha sentensi kwenye Kiswahili bila kutumia "kwa". Ikija na "ili", "kuelekea" au "ifikapo", andika "para". Ikija na "kwa sababu", "kupitia" au "badala ya", andika "por". Usiitegemee "kwa ajili ya" katika jaribio hili: mtu hulima kwa ajili ya watoto, na mwingine hufungwa kwa ajili ya wizi. Watoto ni "para los niños", wizi ni "por robar".