Mnyama Aliyekwisha Kupewa Jina: Kiswahili cha Visukuku na Msomaji wa Miaka Saba

Mwaka 1998 Cassian Magori na Charles Saanane walichapisha Dar es Salaam kitabu kiitwacho Dinosaria wa Tendaguru, chenye michoro ya Thomas Thiemeyer. Anwani yake peke yake ni uamuzi wa kisarufi. Neno dinosaria ni la kigeni na lingeweza kuachwa katika ngeli ya I-ZI, lakini kiunganishi wa kinalipa upatanisho wa viumbe hai. Mifupa iliyochimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 na kusafirishwa Berlin inarudi katika Kiswahili ikiwa wanyama, si shehena. Kwa mtoto wa miaka saba upatanisho huo una maana kuliko maelezo ya kurasa kumi, kwa kuwa anajua tangu nyumbani kwamba ng'ombe ni wa fulani na nyumba ni ya fulani.

Hata hivyo, majina yaliyo ndani ya mada ya Tendaguru yenyewe yanabaki ya Kigiriki na Kilatini. Giraffatitan au Kentrosaurus humfikia mtoto wa Kagongwa kama sauti tupu, na mwandishi hulazimika kusimamisha hadithi ili afasiri. Fasiri ikishatolewa huwa ni ile ile ya vitabu vya kila lugha: mjusi wa kutisha, mjusi wa miiba. Hapa ndipo vitabu vya Kiswahili vya siku zijazo vina mtaji ambao wahakiki wa fasihi ya watoto hawajauzingatia vya kutosha. Katika miaka ya karibuni wanasayansi wameanza kuwapa viumbe wa kale wa Afrika Mashariki majina ya Kiswahili, na majina hayo sasa ni ya kimataifa. Mtoto wa darasa la pili aliyejua kusoma huyafungua bila kamusi. Swali la kihakiki ni kama kile anachokikuta ndani ni kweli.

Jina lililofaulu zaidi ni Mnyamawamtuka moyowamkia, lililotolewa mwaka 2019 kwa dinosaria mla majani mwenye shingo ndefu, ambaye mifupa yake ilitoka katika eneo la mto Mtuka, kusini-magharibi mwa Tanzania. Sehemu ya kwanza ni kirai kamili kilichounganishwa kikawa nomino moja: mnyama wa Mtuka. Hakuna kinachopungua; upatanisho ni sahihi, na jina linasema mahali. Sehemu ya pili ina utata. Walioliunda walikusudia pingili za katikati ya mkia, ambazo uso wake wa nyuma una umbo la moyo. Kiswahili hakisemi hivyo. Moyo wa mkia, kwa msomaji wa kawaida, ni ama kiini cha mkia, kama tusemavyo moyo wa mti, ama moyo unaopiga ndani ya mkia. Mtoto atachagua maana ya pili, tena kwa furaha. Kitabu kizuri hakitaliruka jina hilo wala kulirekebisha, maana halirekebishiki tena. Kitachora pingili moja, kionyeshe umbo lake, kisha kimwache msomaji agundue kwamba moyo uliotajwa ni wa mfano. Hilo ni somo la mifupa na la sitiari kwa pamoja, na ni nadra sayansi kuutayarishia uhakiki meza namna hii.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Simbakubwa kutokaafrika, kutoka Kenya, naye alipewa jina mwaka 2019. Sarufi ya shuleni ingedai simba mkubwa. Umbo lililochaguliwa linaweza kutetewa, kwani ukubwa wa kisarufi hutoa jisimba kubwa bila kiambishi katika kivumishi, na mazungumzo ya mitaani hayaoni tatizo kusema simba kubwa. Lakini mtoto anayesahihishwa kwa kalamu nyekundu kila anapoandika hivyo atakuta kosa lake limechapwa kwa herufi za mlazo. Mwandishi asiyelitaja jambo hili atakuwa amemwacha peke yake na mwalimu. Kasoro ya maana ni kubwa kuliko ya umbo: mnyama huyu hakuwa simba. Alikuwa mla nyama wa ukoo uliokwisha kutoweka, asiyekuwa na undugu wa karibu na jamii ya paka, aliyeishi miaka milioni 22 hivi iliyopita. Tena si dinosaria. Jina la Kigiriki lisingempotosha mtoto kwa sababu lisingemwambia lolote. Jina la Kiswahili linampotosha kwa sababu analielewa.

Mambawakale ruhuhu, wa bonde la Ruhuhu, yuko katikati. Fuvu lake lilichukuliwa mwaka 1963 na likapewa jina rasmi mwaka 2022. Alikuwa upande wa ukoo wa mamba, ingawa hakuwa mamba wa kweli, hivyo jina linakosea kidogo tu. Neno lenye uzito hapa ni kale. Katika ngano, zamani za kale ni wakati ambao sungura na fisi huzungumza. Hauna tarehe na hauhitaji kuwa nayo. Kale ya Mambawakale ni yapata miaka milioni 240. Mtoto akiachiwa neno bila kipimo atamweka mamba huyu jirani na fisi wa ngano.

Kipimo kiko Kagongwa kwenyewe, katika mji unaojulikana kwa biashara ya mchele. Punje moja ya mpunga ikihesabiwa kuwa miaka milioni, Simbakubwa yuko punje 22 nyuma, Mnyamawamtuka takribani 100, Mambawakale 240. Punje hizo 240 hata kiganja cha mtoto hazikijazi. Binadamu wote walioandika kitu chochote hawafikishi sehemu ndogo ya punje ya kwanza. Kipimo hiki kina faida ambayo mistari ya rangi ya vitabu vya kigeni haina, kwa sababu mtoto anaweza kukihesabu mwenyewe akachoka.

Kuchoka huko kunahitajika kwa ajili ya jambo ambalo vitabu vya dinosaria karibu vyote hulinyamazia. Mtoto wa Kagongwa anaishi katika ukanda wa dhahabu. Anawajua watu wanaoshuka katika maduara, na amesikia karasha zikisaga mawe. Akisoma kwamba dinosaria wamo chini ya ardhi, ni mantiki kabisa kwake kudhani kwamba wachimbaji wakizidi kushuka watawakuta. Hawatawakuta. Miamba ya ukanda huo ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, yaani punje 2,500 na zaidi. Iliumbika kabla ya kuwapo mnyama yeyote mwenye mfupa. Kushuka zaidi hakumkaribishi mchimbaji kwa Mnyamawamtuka. Dinosaria hutafutwa katika miamba iliyotokana na mchanga na tope la umri wao, kama ile ya Lindi na Songwe. Visukuku vilivyo karibu zaidi kimaelezo na msomaji huyu ni samaki wa Mahenge, Singida, waliohifadhiwa katika tope la ziwa dogo lililojaza shimo la mlipuko wa aina ile ile iliyoleta almasi za Mwadui. Wana punje 45 hivi.

Kwa hiyo kitabu kinachomfaa kingelazimika kuwa na ukurasa wa mahali pasipo na mfupa, kikieleza kwa nini hapana, na kuufanya ukurasa huo uvutie kama ule wa Mnyamawamtuka. Kiswahili kinayo maneno yote yanayohitajika: mwamba, tope, kisukuku, pingili, punje. Kisichokuwa nacho bado ni jina lenye mvuto kwa jiwe la Kagongwa, ambalo linawazidi umri wanyama wote waliotajwa hapa na halijapewa jina la Kiswahili na yeyote.