Chuma kilichochakaa ndani ya chombo cha anga: mkono ulipita wapi?

Picha yangu ni ya ndani ya chombo cha anga cha kubuni. Rubani yuko peke yake, ametupa mgongo, na mbele yake paneli zinawaka samawati na chungwa. Niliitengeneza kwa Blender hapa Kisauni, na kilichonichukulia muda mwingi ni uchakavu wa chuma kuliko taa. Uso wa rubani hatuuoni, kwa hivyo chuma ndicho kitakachotueleza amekalia kiti hicho muda gani na hutumia mkono upi.

Anayetaka kuujua uchakavu apande feri ya Likoni atazame reli. Pale abiria wanaposhika, rangi imelika mpaka chuma kinang'aa, tena hakina kutu kwa sababu kinasuguliwa kutwa. Inama utazame bolti za chini zisizoguswa na mtu: maji ya chumvi yamepenya chini ya rangi, rangi imevimba, na mchirizi wa kutu umeteremka kutoka kichwani mwa bolti. Huo ni uchakavu wa aina mbili, wa mkono na wa maji. Ndani ya chumba cha rubani hakunyeshi, kwa hivyo wa mkono ndio unaotawala. Isitoshe, ndege nyingi zimeundwa kwa aluminiamu, nayo haishiki kutu nyekundu. Ikiliwa na chumvi hutoa ungaunga mweupe. Picha nyingi za vyombo vya anga huharibikia hapo, kwa kumwagiwa kutu ya meli kila pembe.

Roger Christian alilikwepa tatizo hili alipopamba seti za Star Wars ya 1977, kwa kununua vyuma chakavu vya ndege halisi na kuvipachika ukutani. Uchakavu ulikuja nao. Kwenye kompyuta inabidi tuujenge, tabaka kwa tabaka.

Kwenye picha yangu tabaka ni tatu: aluminiamu chini, praima ya kijani-manjano katikati, rangi ya kijivu juu. Aluminiamu nimeipa `Metallic` 1, rangi na praima 0. Thamani za katikati ziepuke, maana hakuna kitu kilicho nusu chuma nusu rangi. Ili kompyuta ijue rangi ilike wapi, nimechukua `Pointiness` kutoka nodi ya `Geometry`. Mahali bapa hutoa takriban 0.5, na kingo zilizochomoza huzidi hapo kidogo. Nikaipitisha kwenye `Color Ramp` iliyobanwa kati ya 0.50 na 0.54, kisha nikaizidisha na `Noise Texture` ili mstari usinyooke. `Pointiness` hufanya kazi kwenye Cycles tu, na husoma pembe za umbo lenyewe: umbo lenye nukta chache hutoa mabaka yasiyo na maana, mpaka uligawe zaidi.

Hata hivyo, kompyuta ikiachiwa peke yake huchakaza kila ukingo sawasawa, na hapo ndipo jicho hushtuka. Kwa hivyo nilichora kwa mkono ramani ya pili inayoruhusu uchakavu mahali rubani anapofika tu: ncha ya mkono wa kiti wa kulia, shingo ya usukani, na mduara kuzunguka swichi tatu anazozibonyeza kila mara. Nyuma ya kiti na juu ya dari rangi ni nzima. Pale panaposuguliwa sana nimeshusha `Roughness` hadi 0.2, kwa sababu kiganja hung'arisha.

Taa ndizo zinazofanya hayo yote yaonekane. Ukiongeza `Emission Strength` ili chumba kipate mwanga wa kutosha, paneli zenyewe huwa nyeupe na maandishi hupotea. Nikatumia `Is Camera Ray` ya nodi ya `Light Path` kama kichaguzi: kamera inaona paneli kwa 1.5, lakini chumba kinapokea 8. Kwa kuwa mwanga unatoka mbele, mwili wa rubani unabaki kivuli, na ukanda mwembamba wa samawati unafuata mabega na sikio.

Shida ya mwisho ni chengachenga, kwani taa ndogo nyingi huacha nukta nyeupe zinazorukaruka. Kisafishaji cha chengachenga huziondoa, lakini kinaweza kufuta mikwaruzo pamoja nazo. Kuna dalili ya wazi: kuza ukingo wa kiti, na ukikuta chuma laini kama plastiki, mikwaruzo imeliwa. Mimi nilikipa kisafishaji `Albedo` na `Normal`, nikaongeza sampuli, kisha nikakuza tena ukingo uleule kabla ya kuitoa picha nzima.