Kona Inayokosekana

Wengi wetu tulikutana na kanuni ya milinganyo ya kwadratiki ikiwa imeshakamilika: hasi b, jumlisha au toa kipeuo cha pili, mstari mrefu, 2a chini. Tukaikariri kama namba ya simu ya mtu tusiyemjua. Utamu wake ulikuwa umebaki nyuma, katika kazi iliyofanyika kabla kanuni haijafika ubaoni, na kazi yenyewe ni ya kujaza kona moja tu.

Kona hiyo ilichorwa Baghdad, zama za Khalifa al-Maamun aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliweka katika kitabu chake cha aljebra mfano ambao haujachakaa mpaka leo: x² + 10x = 39. (Alama hizi ni zetu. Yeye aliandika kila kitu kwa maneno.) Chora mraba wenye upande x, eneo lake ni x². Ile 10x igawe nusu kwa nusu upate mistatili miwili, kila mmoja una urefu x na upana 5. Mmoja ubandike kulia kwa mraba, wa pili ubandike chini yake. Umbo linakaribia kuwa mraba mkubwa, ila kona ya chini kulia iko wazi. Kona hiyo ni 5 kwa 5, kwa hiyo inahitaji 25. Ijaze, kisha uongeze 25 upande wa pili wa mlinganyo pia ili pasiwe na dhuluma: 39 na 25 ni 64. Mraba mkubwa wenye eneo 64 una upande 8, na upande huo ni x + 5. Basi x ni 3. Al-Khwarizmi aliishia hapo, maana hakuna mraba wenye upande hasi. Sisi tunajua kuwa −8 nayo ikizidishwa kwa yenyewe huzaa 64, hivyo tunaongeza jibu la pili, −13.

Mraba ulianza ukiwa mmoja tu, x² bila namba mbele yake, ndiyo maana mambo yalikuwa mepesi. Ukiwa na ax² + bx + c = 0, ambapo a si sifuri, njia ya Baghdad ni kugawanya kila kitu kwa a kwanza ili ubaki na x² moja. Vitabu vingi vya shule hufuata njia hiyo. Ni sahihi, lakini sehemu zinaanza kurundikana mapema: nusu ya b/a ni b/2a, kona inakuwa b²/4a², na mwishoni kuna hatua ambayo vitabu huipita kimyakimya. Vinasema kipeuo cha 4a² ni 2a, ilhali a ikiwa hasi kipeuo hicho ni −2a. Jibu haliharibiki, kwa sababu ile alama ya jumlisha au toa inameza tofauti hiyo, ila mwanafunzi makini ana haki ya kuuliza.

Mimi naipenda zaidi njia ya Sridhara, mwanahisabati wa India. Kitabu chake cha aljebra kilipotea. Kanuni hii tunaijua kwa sababu Bhaskara, katika karne ya 12, aliitaja kuwa ni ya Sridhara. Sridhara hagawanyi. Anazidisha kwa 4a. Peleka c upande wa pili, kisha zidisha:

ax² + bx = −c
4a²x² + 4abx = −4ac

Tazama kilichotokea upande wa kushoto. Kipande cha kwanza ni mraba wa 2ax bila mabaki. Kipande cha pili ni mistatili miwili, kila mmoja ni 2ax kwa b. Kona inayokosekana basi ni b kwa b. Ijaze pande zote mbili:

4a²x² + 4abx + b² = b² − 4ac
(2ax + b)² = b² − 4ac
2ax + b = ±√(b² − 4ac)
x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a

Hapakuwa na sehemu hata moja mpaka mstari wa mwisho. Ile a ya kuzidishia iliufanya mwanzo uwe mraba kamili. Ile 4, ambayo nayo ni mraba, ilituepusha na kukata b nusu. Na kipeuo cha 4a² hakikuhitajika kabisa.

Katika hatua zote hizi hakuna mahali tuliposema a, b na c lazima ziwe namba nzima. Tuibane kanuni hapo:

(2/3)x² + (5/6)x − 1/4 = 0

Hapa a ni 2/3, b ni 5/6, na c ni −1/4, pamoja na alama yake. Nianze na kilicho chini ya kipeuo. b² ni 25/36. 4ac ni 4 mara 2/3 mara −1/4, yaani −2/3, ambayo ni −24/36. Kutoa hasi ni kujumlisha: 25/36 na 24/36 ni 49/36. Kipeuo chake ni 7/6. Chini ya mstari, 2a ni 4/3.

Kwa alama ya kujumlisha, −5/6 na 7/6 ni 2/6, yaani 1/3. Gawanya kwa 4/3, upate 1/4. Kwa alama ya kutoa, −5/6 toa 7/6 ni −2. Gawanya kwa 4/3, upate −3/2. Kumbuka kuwa mstari ule mrefu unafunika vyote vilivyo juu. Anayegawanya kipeuo peke yake na kuiacha −b nje ameshapotea.

Ila mtego mbaya zaidi uko kwenye alama ya c. Chukua mtu aliyesahau hasi ile akaweka 1/4. Chini ya kipeuo anapata 25/36 toa 24/36, yaani 1/36. Kipeuo ni 1/6, safi kabisa, na majibu yanatoka −1/2 na −3/4. Ni namba nadhifu, hazina hata dalili ya kosa. Wanafunzi, na walimu wengine pia, huamini kwamba kipeuo kikitoka vizuri basi hesabu iko sawa. Dawa ni kurudisha jibu kwenye mlinganyo. Weka −1/2: kipande cha kwanza ni 1/6, cha pili ni −5/12, ukitoa na 1/4 unafika −1/2, si sifuri. Weka 1/4: unapata 1/24 na 5/24, jumla 6/24, ambayo ni 1/4 kamili, ukitoa 1/4 hakibaki kitu. Na −3/2 inaleta 3/2 toa 5/4 toa 1/4, sifuri tena.

Atakayeudhika na sehemu anaweza kuzidisha mlinganyo wote kwa 12 kabla ya kuanza: 8x² + 10x − 3 = 0. Chini ya kipeuo sasa ni 100 na 96, yaani 196, wala si 49/36. Usishtuke. Ukizidisha a, b na c kwa 12, b² na 4ac zote mbili huzidishwa kwa 144, na 49/36 mara 144 ni 196 hasa. Kipeuo kinazidishwa kwa 12, kutoka 7/6 hadi 14. Hasi b inazidishwa kwa 12, na 2a iliyo chini inazidishwa kwa 12 vilevile, ikawa 16. Zile 12 za juu na ya chini zinafutana: 4 kwa 16 ni 1/4, na −24 kwa 16 ni −3/2.