Koma peke yake haitoshi

Wandugu, maswali ya kusahihisha sentensi za Kiingereza, kama yale ya SAT, yanakata pointi kwa kosa ambalo kwetu si kosa. Tuangalie hii: "Mvua ilinyesha, barabara ya Sake ikaharibika." Kwa Kiswahili iko sawa, juu ile -ka- ya "ikaharibika" tayari inaunganisha tendo la pili na la kwanza. Kifaransa nacho kinakubali kupanga sentensi fupi kwa koma tu. Kiingereza hakina -ka-, kwa hiyo kinataka alama yenye nguvu ao kiunganishi.

Ile sheria ya "weka koma pale unapovuta pumzi" ndiyo inatupoteza. Jaribuni hivi: wekeni nukta mahali pa koma. Kama kila upande una mtenda wake na kitenzi chake, na unasimama wenyewe, koma peke yake ni kosa. Acheni nukta, wekeni nukta-mkato, ao ongezeni "na" ao "lakini" baada ya koma. Mtego ni "hata hivyo" ya Kiingereza: si kiunganishi, inataka nukta ao nukta-mkato kabla yake.

Lakini swali lenyewe nalilaumu pia. Linaita "kosa" kitu ambacho ni desturi ya maandishi tu, maana haipotei. Waingereza wenyewe wanaandika maneno ya Kaisari, nilikuja, niliona, nilishinda, kwa koma tupu, na hakuna anayewasahihisha. Siku ya mtihani, fuateni desturi.