Reli Yenye Vituo Sita

"Umeme ukikatika, roho inakuwa juu?"

Mvulana aliyeulizwa swali hilo ana miaka 10. Alifikiri kidogo, akamtazama dokta, akauliza, "Juu ya nini?"

Hakuwa anatania. Dokta naye hakucheka wala hakumweleza maana. Alifungua daftari lake, akaandika "roho juu", akalipigia mstari. Saa moja baadaye ukurasa ule ulikuwa na maneno mengine matatu yaliyopigiwa mstari: moyo kwenda mbio (moyo hauna miguu), presha kupanda (inapanda wapi?), tumbo kuvurugika (halivurugiki, amekula vizuri). Maneno hayo hakuyatumia tena mpaka mwisho wa tiba. Kwangu mimi ufundi wake ulianzia hapo, katika kukubali kwamba maneno yake mwenyewe hayafai na kuyaweka kando bila kinyongo.

Mimi ni mwalimu katika kitengo cha watoto wenye usonji, hapa Dar es Salaam. Mama wa mtoto aliniomba niwe nahudhuria vikao kwa sababu hofu ile ilikuwa imefika hata darasani. Nimebadilisha mambo machache ili mtoto asitambulike. Kila wingu lilipotanda alianza kuuliza, "Mwalimu, umeme utakatika?" Ukikatika kweli, swali lilikuwa, "Utarudi saa ngapi?" Jioni moja mama yake alihesabu akafika mara 43, kisha akaacha kuhesabu.

Tiba aliyoitumia dokta, ya fikra na tabia, ilianzia kwa Aaron Beck huko Philadelphia katika miaka ya 1960. Msingi wake si mgumu: tunachokifikiria kuhusu jambo ndicho kinachotutia hofu, na hofu hutufanya tulikimbie jambo lenyewe, kwa hiyo hatupati nafasi ya kuona kama tulifikiri sawasawa. Mtoto hufundishwa kulitambua wazo lake, kulipima kwa ushahidi, kisha kukikaribia kidogo kidogo kile anachokiogopa. Tatizo ni kwamba tiba hiyo humtaka mtoto ausikilize mwili wake, autaje moyo wake kwa maneno, na awaze mambo ambayo hayapo mbele yake. Kwa watoto wengi wenye usonji hayo matatu ndiyo hasa yaliyo magumu. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2013 kuhusu watoto wenye usonji unashauri tiba hii ibadilishwe kwao: picha na maandishi yaongezwe, mambo yawe ya kushikika, mzazi ahusishwe, na yale mtoto anayoyapenda sana yaingizwe ndani.

Anachokipenda mtoto huyu ni treni ya SGR. Anazijua ratiba, idadi ya mabehewa na vituo vyote kwa mpangilio. Nilidhani dokta atatumia treni kama pipi, yaani mtoto akimaliza kazi apewe picha ya treni. Badala yake aliigeuza treni kuwa lugha ya tiba nzima.

Alianza na kipimo cha hofu. Watoto wengine hupewa nyuso tano, kutoka inayocheka hadi inayolia, lakini mtoto huyu alipopewa nyuso alisema zote ni za mtu mwingine. Dokta akachukua karatasi ya manila, rula na penseli, akachora saa ya mwendo yenye alama tano: 0, 40, 80, 120 na 160, kwa kuwa treni ya abiria imejengwa kufikia kilomita 160 kwa saa. Pembeni akachora treni. Mtoto aliinama juu ya karatasi, akanyoosha kidole. "Haina mkono wa juu. Haishiki waya. Haiwezi kutembea." Dokta akafuta paa lote kwa taratibu, akapuliza unga wa raba, akachora upya akiuliza mkono umekunjwa upande gani. Dakika kumi zilipita hapo. Baadaye aliniambia kwamba treni yenye kosa ingekuwa kazi bure, maana mtoto angeendelea kuliona kosa kila mara na asione kipimo.

Chini ya kila alama waliandika kile ambacho mtu mwingine anaweza kukiona, kwa sababu mtoto mwenyewe hausikii mwili wake vizuri. Kwenye 40 anauliza swali mara moja. Kwenye 80 anasokota ncha ya shati. Kwenye 120 anasimama mlangoni karibu na mita ya LUKU. Kwenye 160 anapiga kelele na kujigonga paja. Mama ndiye aliyeyataja mengi, na mtoto akakubali au akakataa. Kwa mara ya kwanza aliweza kusema, "Sasa ni 80," na mama akajua la kufanya.

Kabla ya kwenda mbali, dokta alichambua jambo moja ambalo mimi nisingeliona. Umeme ukikatika mtaani kwao, jirani huwasha jenereta, na mtoto huziba masikio. Je, hiyo nayo ni hofu? Alimwomba mama aangalie siku jenereta inapowashwa kwa sababu nyingine, mchana, mtoto akiwa anacheza kwa furaha. Aliziba masikio vilevile, bila kuuliza swali lolote. Basi mlio wa jenereta unamwumiza kweli, na maumivu hayatibiwi kwa kumzoesha mtu kuumia. Alipewa vifunika masikio kama vya mafundi, na jenereta ikatolewa kwenye orodha ya kazi. Mtaalamu asiyetenganisha haya mawili humlazimisha mtoto avumilie kelele, halafu anashangaa hofu inapozidi.

Kilichobaki ni wazo lenyewe. "Unafikiri nini umeme ukikatika?" ni swali ambalo halikupata jibu wiki mbili mfululizo. Dokta akaandika kadi tatu, akazifunika kwa plastiki, akazipanga mezani: *Hautarudi kamwe. Utarudi, lakini sijui saa ngapi. Utarudi sasa hivi.* Mtoto akagusa ya kwanza bila kusita. Dokta hakumwambia kwamba si kweli. Alimpa daftari lenye safu nne: tarehe, umekatika saa ngapi, nimetabiri nini, umerudi saa ngapi. Wiki tatu zilizofuata kulikuwa na kukatika mara tisa, na mtoto alijaza safu zote kwa mwandiko ulionyooka. Aliporudi na daftari, dokta alimwomba ahesabu ni mara ngapi kadi ya kwanza ilikuwa sahihi. "Sifuri," alisema, kisha akaisogeza kadi ya pili mbele yake mwenyewe. Hakuonekana kufurahi. Ile "sijui saa ngapi" ndiyo iliyokuwa ikimtesa tangu mwanzo, na sasa ilikuwa mezani peke yake.

Hapo ndipo reli ilipochorwa. Vituo kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni sita, na kila kimoja kilipewa kazi. Dar es Salaam: mchana, anazima taa ya chumba chake mwenyewe, dakika 1. Pugu: mchana, mama anashusha meni swichi, feni na friji vinanyamaza, dakika 5. Soga: hivyohivyo, lakini jioni, akiwa na tochi. Ruvu: jioni, dakika 15. Ngerengere: jioni, bila kuambiwa ni dakika ngapi. Morogoro: mama atashusha swichi wakati wowote kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku, bila kutoa taarifa. Mtoto aliziona kazi zote sita tangu siku ya kwanza na akatia alama kukubali kila moja. Hakuna kilichofichwa. Kituo kilirudiwa siku baada ya siku mpaka mwendo uliposhuka angalau nusu, kisha treni ya karatasi ikasogezwa.

Mambo hayakwenda moja kwa moja. Mwanzoni treni ilimeza kikao kizima: dakika 40 za ratiba na dakika 5 za hofu. Dokta akaweka dakika 10 za mwisho kwa mazungumzo ya treni tu, zikiwa zimeandikwa kwenye ratiba ukutani, na mtoto akaweza kusubiri. Halafu usiku mmoja mtoto aliuliza swali jipya: treni ni ya umeme, je, umeme ukikatika watu watakwama porini? Mama alitishika, akidhani wamempa hofu ya pili. Dokta alimjibu ukweli, kwamba treni husimama. Akamwuliza treni iliyosimama imefika mwisho wa safari au la. Mtoto alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Imesimama. Haijafika." Sentensi hiyo iliandikwa kwenye kadi, akawa anaitembeza mfukoni.

Kosa lililonifundisha zaidi lilitokea Ruvu. Mtoto alikaa gizani dakika 15 akiwa 40 tu, siku nne mfululizo, nasi tukafurahi. Dokta hakufurahi. Aliuliza mtoto alikuwa anatazama wapi. Alikuwa anaitazama saa ya kuhesabia dakika, bila kupepesa macho. Siku ya tano saa ikawekwa kabatini, na mtoto akapanda hadi 160. Kumbe hakuwa amejifunza chochote kuhusu kutojua. Alikuwa amejifunza kwamba saa ikiwepo, anajua. Picha na saa humwingiza mtoto mlangoni, na bila hivyo haingii kabisa. Lakini fundi lazima ajue ni kipi kati ya alivyovitengeneza kwa mikono yake kimeanza kuibeba hofu badala ya mtoto, na akiondoe. Dokta aliirudisha treni Soga, akaanza tena, safari hii saa ikiwa mfukoni mwa mama. Ngerengere peke yake ilichukua wiki mbili.

Mama naye alikuwa na kituo chake. Kila alipojibu "utarudi tu, mwanangu", swali lilitulia dakika moja kisha likarudi na nguvu. Walikubaliana ajibu mara moja kwa kila kukatika, kisha aoneshe kadi ya pili bila kusema neno. Aliniambia hilo lilimwuma kuliko kazi zote sita za mwanawe.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, uliofanywa Marekani kwa watoto 167 wenye usonji, ulionesha kwamba tiba iliyobadilishwa kwa ajili yao ilipunguza wasiwasi zaidi ya tiba ya kawaida, na hiyo ya kawaida nayo ilizidi matunzo ya siku zote. Ila watoto wa tafiti za namna hii wengi wao huongea, na wana uwezo wa kufuata hoja. Darasani kwangu nina watoto wasioongea ambao wana hofu kubwa kuliko ya mvulana huyu, na ufundi niliousimulia hapa hauwafikii jinsi ulivyo. Dokta alinieleza hivyo waziwazi nilipomwuliza kuhusu mmoja wao.

Mwezi uliopita umeme ulikatika shuleni saa 4:20 asubuhi, tukiwa tunakunywa uji. Mvulana alishika ncha ya shati. "Mwalimu, utarudi saa ngapi?" Nikamwambia sijui. Akatoa daftari, akaandika tarehe, akaandika 4:20, akatabiri kadi ya pili. Wiki za kwanza alikuwa haliachi daftari mpaka safu ya mwisho ijazwe; angekaa ameshika kalamu, uji ukapoa. Safari hii aliitazama ile nafasi tupu, akalifunga daftari, akavaa vifunika masikio kwa sababu jenereta ya ofisini ilikuwa imeanza kunguruma, akavuta kikombe chake.