Kiota chenye milango miwili

Ukitaka kumsimulia mtoto wa miaka miwili habari za ndege anayejifunza kulala kwenye kiota chake mwenyewe, kazi ya kwanza ni kumchagua ndege. Wengi tunaowaona Nairobi hawalali kiotani. Kiota ni cha mayai na makinda. Kinda akishaweza kuruka, hulala juu ya tawi kama wakubwa wake. Kwarara wanaopita Lavington jioni wakipiga kelele wanakwenda kulala juu ya miti. Tongo, wale wadogo wa kahawia wa bustanini, hujenga viota vya kulalia, lakini humo huingia familia nzima ikabanana. Hiyo si habari ya kumpa mtoto unayemhamisha kutoka kitanda cha wazazi.

Mama mkwe wa dada yangu hakuhitaji kitabu kulijua hilo. Alikulia Marigat, karibu na Ziwa Baringo, na sasa anakaa Kangemi na mjukuu wake. Ndege wake ni korobindo, wa jamii ya kwera, mwenye mstari mweupe juu ya jicho. Korobindo huishi kwa kikundi kwenye mti mmoja, mara nyingi mgunga, na usiku kila mkubwa huingia kiota chake peke yake. Kiota cha kulalia kina milango miwili. Cha mayai huzibwa mmoja. Nyanya amelichukua jambo hilo jinsi lilivyo: “Mlango huu wa kuingilia. Mlango huu wa kumsikia mama.” Sijasikia maneno mafupi kuliko hayo yanayomweleza mtoto kwamba kulala peke yake si kuachwa.

“Paukwa!” huitwa mapema, mtoto akiwa bado anafutwa maji ya kuoga, naye hujibu “Pakawa!” kwa nguvu zote. Taa ikishazimwa, Nyanya haulizi swali lolote tena, kwa sababu mtoto anayetafuta jibu anaamka. Matatu za Waiyaki Way hazinyamazi, kwa hiyo amezitia ndani ya hadithi: ni upepo unaopita chini ya mgunga.

Mwanzo una mwendo. Jua likashuka, ndege mdogo akaruka, akatua, akaingia kwa mlango wake. Akageuka. Kisha anaita: “Mama, uko?” Mama anajibu, “Niko hapa, mwanangu, tawi la pili.” Upepo unapita. Ndege anavuta nyasi moja, anaita tena: “Mama, uko?” “Niko hapa.” Upepo unapita. Mara ya tatu anaita kwa sauti ndogo, na jibu ni “Niko,” basi.

Sikiliza anavyofanya na vitenzi. Vya “ka” vinasukuma hadithi mbele, navyo anavitumia mpaka ndege aingie kiotani na kugeuka tu. Baada ya hapo hakuna tena kinachofuata kingine: ndege amejikunja, mbawa zimefungwa, anapumua. Jibu la mama linapungua neno baada ya neno, na kati ya jibu na jibu anaacha kimya kirefu kuliko kile cha kwanza. Huku ameshika mguu wa mjukuu. Vidole vya miguu vikichezacheza, anarudia upepo. Vikilegea, haongezi neno.

Shemeji yangu alipojaribu, alimleta nyoka. Mtoto aliketi wima: “Baba, nyoka ameenda wapi?” Hata nyoka alipofukuzwa, mtoto alitaka kujua kama yuko chini ya kitanda. Usiku mwingine alimaliza kwa mapambazuko na jua kuchomoza, na mtoto akaomba uji. Nyanya alimwambia, “Baba Imani, asubuhi si yako. Iache ije yenyewe.” Hadithi yake haifiki asubuhi kamwe, wala ndege hasifiwi kwa kutolia. Nadhani hilo la pili ni gumu zaidi kwa sisi wazazi, maana ulimi unawasha kuongeza nasaha.

Kuna sharti moja ambalo hadithi haiwezi kulitimiza yenyewe. Mtoto akiamka saa nane za usiku na kuita, lazima mtu ajibu. Kitanda chake kiko upande wa pili wa pazia, na dada yangu hujibu “Niko” kwa sauti ileile ya hadithi, bila kuwasha taa. Asipoitika, kesho yake ndege hulazimika kuita mara sita au saba, na Nyanya humwacha aite mara zote hizo bila kumharakisha.

Mjukuu anaruhusiwa kubadilisha kitu kimoja kila usiku, mradi aseme kabla ndege hajaingia kiotani. Ndani ya kiota sasa kuna nyasi, manyoya, soksi moja na kijiko.