Mshororo katika Kioo Chembamba: Mizani, Emoji na Ukataji wa Mistari katika Kapsheni za Kishairi

Shairi la Kiswahili limehama makao mara nyingi. Lilikuwa sauti kabla ya kuwa maandishi. Wanakili wa pwani waliotumia hati ya Kiarabu aghalabu waliuandika ubeti mzima wa utenzi katika mstari mmoja, vipande vyake vinne vikitengwa kwa alama. Wachapaji wa herufi za Kirumi walivishusha vipande hivyo kimoja chini ya kingine, na msomaji wa leo huudhani mpangilio huo kuwa ndio umbo la asili la utenzi. Katika kila uhamisho, bahari ilibaki ile ile. Kilichobadilika ni namna jicho lilivyooneshwa mahali pa kupumua.

Makao ya sasa ni kapsheni, yaani maelezo yanayofungamana na picha katika simu. Hapo tarbia huwekwa chini ya picha ya harusi, ya maziko au ya bahari, na kusomwa na mtu aliyesimama kwenye foleni. Mashairi hayo hushutumiwa mara kwa mara kwamba hayana mizani wala vina. Shutuma hiyo haina budi kupimwa kwa makini, kwa kuwa inachanganya makosa mawili yasiyofanana: kosa la mtunzi, na kosa la kioo. Mhakiki asiyeyatenganisha huhukumu bahari kwa kutazama upana wa chombo.

Kioo cha simu ya kawaida kilichoshikwa wima hubeba takriban herufi 30 hadi 40 katika mstari mmoja. Idadi hupungua mtu mwenye macho dhaifu anapokuza herufi. Mshororo wa mizani 16, uliogawika katika ukwapi na utao wa mizani nane nane, huwa na takriban herufi 40 pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno. Kwa hiyo mshororo wa tarbia hufika ukingoni kabisa mwa kioo, na mara nyingi huupita. Unapoupita, mashine hulishusha neno lililokosa nafasi. Mashine haijui kina wala kipande. Inajua upana tu.

Ubeti ufuatao umetungwa kwa ajili ya jaribio hili:

Simu ndogo ya mkono, imebeba wangu wimbo
Nimeyapanga maneno, kila neno lina pambo
Yakivunjwa mapatano, hugeuka kuwa fumbo
Soma pole neno neno, usiruke hata jambo

Kina cha kati ni -no na kina cha mwisho ni -mbo. Kila kipande kina mizani nane. Ubeti huo ukitiwa katika kioo kinachopokea herufi 32 kwa mstari, huonekana hivi:

Simu ndogo ya mkono, imebeba
wangu wimbo
Nimeyapanga maneno, kila neno
lina pambo
Yakivunjwa mapatano, hugeuka
kuwa fumbo
Soma pole neno neno, usiruke
hata jambo

Hakuna neno lililoondolewa, wala silabi iliyoongezwa. Hata hivyo kina cha kati kimezikwa ndani ya mstari, na mwishoni mwa mistari mirefu pamekaa maneno imebeba, neno, hugeuka na usiruke, ambayo hayana urari wowote. Jicho linahesabu mizani 12, kisha nne. Msomaji hupumzika baada ya "imebeba", mahali ambapo pumzi haikukusudiwa, na kitenzi hutengwa na shamirisho yake. Katika simu nyingine yenye kioo kipana kidogo, mvunjiko utaangukia neno jingine. Hivyo wasomaji wawili wa kapsheni moja husoma maumbo mawili, na kila mmoja huenda akamlaumu mtunzi kwa umbo ambalo mtunzi hakulitunga.

Tiba yake imo ndani ya arudhi yenyewe. Mtunzi hukata mstari mwenyewe penye kituo cha ukwapi, kabla mashine haijamkatia:

Simu ndogo ya mkono,
imebeba wangu wimbo
Nimeyapanga maneno,
kila neno lina pambo
Yakivunjwa mapatano,
hugeuka kuwa fumbo
Soma pole neno neno,
usiruke hata jambo

Mstari mrefu kuliko yote sasa una herufi 20, nao utaingia hata katika kioo ambacho herufi zake zimekuzwa sana. Ukataji huu hauongezi urefu wa kapsheni, kwa sababu mruko wa mstari unachukua nafasi ya pengo lililofuata mkato. Ubeti ulikuwa na herufi 161, nafasi na miruko yote ikihesabiwa, na bado una 161.

Pingamizi lililo dhahiri ni kwamba tarbia iliyopangwa hivyo hufanana na utenzi, ambao nao una vipande vya mizani nane. Pingamizi hilo lina uzito, lakini halivunji hoja. Vina hutofautisha: katika utenzi wa kawaida vipande vitatu vya mwanzo huwa na kina kimoja na cha nne hubeba bahari, ilhali hapa -no na -mbo hupokezana. Tena herufi kubwa imeachwa mwanzoni mwa ukwapi peke yake, na utao umeanza kwa herufi ndogo. Alama hiyo ndogo yatosha kumwambia msomaji kwamba mistari miwili ni mshororo mmoja. Hakuna haja ya kuacha mstari mtupu baada ya kila mshororo. Nafasi hiyo yafaa itunzwe kwa ajili ya kutenga beti.

Hali ya shairi huru ni ngumu zaidi. Tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, ukataji wa mstari umekuwa chombo cha maana na si cha hesabu. Tarbia iliyovunjwa na mashine yaweza kurudishwa, kwa sababu vina na mizani ni kama alama za fundi juu ya mbao: anayezijua huunga upya. Shairi huru halina alama hizo. Mstari mrefu ukivunjwa na kioo, msomaji hawezi kujua kama neno lililobaki peke yake limewekwa na mshairi kwa kusudi au limedondoka kwa kukosa nafasi. Hivyo basi, anayeandika shairi huru kwa ajili ya simu anahitaji mistari mifupi kuliko mwenzake wa arudhi. Wengine hukwepa tatizo kwa kulichora shairi ndani ya picha. Mistari hubaki ilipowekwa, lakini herufi hazikui kwa matakwa ya msomaji bila picha kutoka nje ya kioo, na programu inayomsomea asiyeona huenda isitamke neno hata moja.

Emoji nazo zinastahili kuhukumiwa kwa mizani hiyo hiyo. Neno lenyewe ni la Kijapani, likiunganisha "picha" na "herufi", na asili hiyo yaeleza utata wake: ni picha inayokaa mahali pa herufi. Katika ushairi, swali la kwanza si kama inapendeza, bali inatamkwaje. Mtunzi akiandika "kila neno lina 🌹", msomaji mmoja atasema "ua", mizani mbili. Wa pili atasema "waridi", mizani tatu. Wa tatu atanyamaza, na utao utabaki na mizani sita. Hakuna kati yao atakayepata kina cha -mbo. Sheria zilizoelezwa na Kaluta Amri Abedi mwaka 1954 katika Sheria za Kutunga Mashairi zilijengwa juu ya silabi inayosikika. Alama ambayo sauti yake haijulikani haiwezi kuhesabiwa, na kisichohesabika hakiwezi kuwa sehemu ya mshororo wa arudhi.

Haifuati kwamba emoji haina mahali. Ikiwekwa nje ya hesabu, mwishoni mwa ubeti au kati ya beti mbili, hufanya kazi iliyofanywa na alama za wanakili wa zamani: huliambia jicho kwamba hapa pamekwisha jambo moja. Sharti lake ni mbili. Iwe moja, na mahali pake pasibadilike kutoka ubeti hadi ubeti. Mawaridi matano mfululizo mwishoni mwa kila mshororo hula upana wa kioo na kusukuma neno la mwisho, ambalo ndilo lenye kina, hadi mstari wa pili. Asiyeona naye, anayesomewa na simu, husikia jina la kila picha likitamkwa. Picha iliyo katikati ya mshororo humkatia mahadhi. Iliyo mwishoni mwa ubeti humfikia baada ya kina kukamilika.

Kuna na gharama isiyoonekana. Kapsheni haikai ilipozaliwa; hunakiliwa na kutumwa kwa ujumbe mfupi wa kawaida. Ujumbe huo hubeba herufi 160 ikiwa zote ni za alfabeti ya kawaida ya simu, na Kiswahili chote huandikika kwa alfabeti hiyo. Ubeti ulionukuliwa, ukiondolewa mkato mmoja tu, huwa na herufi 160 kamili na kuingia katika ujumbe mmoja. Ikiongezwa emoji moja, ujumbe wote hulazimika kuandikwa kwa mfumo mwingine ambao nafasi zake ni 70 tu, au 67 ujumbe unapounganishwa na mwingine. Emoji yenyewe huchukua nafasi mbili. Ubeti huo sasa unahitaji jumbe tatu, na anayelipa kwa kila ujumbe hulipa mara tatu kwa ajili ya waridi moja.

Lililobaki ni urefu. Instagram hupokea kapsheni ya hadi herufi 2,200, lakini humwonesha mpitaji takriban 125 za mwanzo. Mistari mifupi ikiwa mingi, hukata mapema zaidi. Katika ubeti wa jaribio, mwanzo, mloto na mleo hukamilika katika herufi ya 121. Kinachofichwa ni kimalizio, mshororo ambao katika tarbia hubeba uzito wa wasia. Shairi linalotegemea kimalizio ili lieleweke, kwa hiyo, hupotoshwa kwa yule asiyegusa kioo kulifungua. Mtunzi hawezi kuamuru kidole cha msomaji, ila aweza kuhakikisha kwamba mshororo wa mwanzo una wazo lililotimia, na kwamba emoji na salamu haziutangulii na kula herufi zake.

Kwa hiyo mhakiki anayepewa shairi la simu afanye kwanza kazi ya mnakili: alinakili juu ya karatasi, aunge mistari iliyovunjwa na mashine, atoe picha zilizo nje ya hesabu, kisha ahesabu. Likisimama, lawama ni ya mpangilio, nayo hutibika kwa kukata penye kipande. Likiwa bado linachechemea, au likiwa na picha pale panapotakiwa silabi, hapo ndipo hukumu juu ya mtunzi inapokuwa ya haki.